Shajara ya mradi: kutunga maswali ya kuchambua na kutathmini kutoka kesi moja ya kiwanda cha viti

Naiweka hii ili mwalimu mwingine wa biashara anayetaka kufanya kazi hii aone nilipopita na nilipokwama. Lengo ni dogo: kesi ya ukurasa mmoja na maswali matatu, la kwanza la hesabu, la pili la kuchambua, la tatu la kutathmini, jumla maksi 25. Naongeza kila hatua ikiisha. Fedha zote nimeandika kwa namba tupu bila sarafu, mtu akitaka kuitumia aweke sarafu yake.

Tarehe 2 Februari: kesi ya kwanza

Nimeandika kesi ya kiwanda kinachotengeneza viti vya mbao, wafanyakazi 24, oda zimezidi uwezo na wateja wanalalamika viti vinachelewa. Mkurugenzi ana njia mbili, anunue mashine mpya ya kukatia mbao au aanzishe shifti ya usiku kwenye kukata. Nimetumia kama masaa 3 na kitu kilichonichukua muda mrefu ni hadithi yenyewe, kiwanda kilianza lini, mkurugenzi alisoma wapi, mambo ambayo baadaye niliyafuta karibu yote.

Maswali yalikuwa hivi:

(a) Eleza maana ya gharama zisizobadilika na utoe mifano miwili. Maksi 5.
(b) Chambua sababu za kuchelewa kwa viti. Maksi 8.
(c) Tathmini umuhimu wa mashine za kisasa kwa kiwanda. Maksi 12.

Niliyaona yako sawa kabisa kwa sababu yana "chambua" na "tathmini". Nilikuwa naufuata ule mpangilio wa Bloom wa mwaka 1956, na toleo lililorekebishwa mwaka 2001 ambalo ngazi zake ni kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kubuni, nikachukua vitenzi kwenye orodha na kuvipachika mwanzoni mwa maswali. Hilo ndilo kosa la kwanza na ndilo lililonigharimu zaidi ya yote, maana lilijificha, swali lilionekana la ngazi ya juu wakati halikuwa.

Tarehe 6 Februari: jaribio la kufunika kesi

Mwalimu mwenzangu ambaye ametunga mitihani miaka mingi aliyasoma akaniuliza kitu kimoja tu, "ukiwanyima kesi watashindwa?" Nikasema ndiyo bila shaka. Akaniambia basi wanyime uone.

Nikawapa wanafunzi 6 waliojitolea swali (b) na (c) kwenye karatasi bila kesi, niliwaambia tu ni kiwanda cha viti kinachochelewesha oda. Nikasahihisha kwa mwongozo wangu uleule. Kwenye (c) wastani ukawa 8 kati ya 12. Yaani watu ambao hawajaiona kesi wamepata theluthi mbili ya maksi za "kutathmini". Mmoja aliandika: "Mashine za kisasa zinaongeza uzalishaji, zinapunguza gharama za wafanyakazi, zinaboresha ubora, lakini ni ghali na zinahitaji mafunzo." Ukiangalia ni jibu zuri kabisa la kwenye daftari, na mwongozo wangu ulikuwa unalipa kila hoja maksi 2, kwa hiyo akavuna.

Kwenye (b) hivyohivyo, wakaandika mashine za zamani, wafanyakazi kukosa motisha, malighafi kuchelewa, uongozi mbovu. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kujua chochote kuhusu kiwanda hiki.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza kuanzia leo ni hiki, funika kesi, jibu swali, na kama mtu anaweza kupita nusu ya maksi basi swali linapima kumbukumbu hata kama limeanza na neno tathmini. Jaribio linakula dakika 40 na karatasi chache tu, ningelifanya siku ya kwanza ningeokoa wiki nzima.

Kuhusu (a) nimelitupa lote. Maana ya gharama zisizobadilika inajulikana bila kesi, na hapa nataka swali la hesabu ambalo litawaandalia namba za kutumia kwenye (c).

Tarehe 11 Februari: swali la kuchambua, jibu lilikuwa limekaa ndani ya kesi

Nimerekebisha (b) liwe "Kwa kutumia taarifa za kesi, chambua chanzo cha kuchelewa kwa viti." Nikadhani kazi imeisha. Nikamwomba mwenzangu ajibu yeye mwenyewe, akanirudishia ndani ya dakika mbili, amenakili sentensi moja: "Meneja wa uzalishaji alieleza kuwa viti vinachelewa kwa sababu msumeno wa kukatia ni wa zamani na hauna kasi." Ilikuwa imo kwenye aya ya tatu ya kesi, nimeiandika mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kuchambua kunahitaji kitu ambacho hakijasemwa. Kama kesi imeshafanya uchambuzi, mwanafunzi anabakiwa na kazi ya kutafuta mstari. Nikaifuta ile sentensi na badala yake nikaweka uwezo wa kila hatua kwa mwezi: kukata viti 1,200, kuunganisha viti 1,900, kupaka vanishi viti 1,800. Oda ni 1,500. Sasa anayeangalia ataona hatua inayobana ni kukata, maana hata wengine wakikimbia vipi kiwanda hakiwezi kutoa zaidi ya 1,200.

Lakini hiyo bado ni nyepesi, ni kutafuta namba ndogo kwenye orodha ya namba tatu. Mwenzangu akanipa wazo ambalo nimelipenda sana: mrudishe meneja, ila safari hii mfanye aseme kitu ambacho takwimu zinakikataa. Nikaandika: "Meneja anaamini mafundi wa vanishi ndio wanaochelewesha kazi, kwa kuwa kila akipita anawakuta wamekaa." Swali likawa:

(b) Chambua kama maoni ya meneja kuhusu chanzo cha kuchelewa yanaungwa mkono na taarifa za kesi. Maksi 8.

Hapa sasa kuna kazi ya kweli. Ni kweli mafundi wa vanishi wamekaa, meneja hadanganyi, alichokiona kipo. Ila wamekaa kwa sababu vinawafikia viti 1,200 wakati wana uwezo wa 1,800, kwa hiyo theluthi moja ya muda wao hawana cha kupaka. Kukaa kwao ni matokeo ya tatizo, meneja amekichukulia kama chanzo. Mwanafunzi anayetenganisha hivyo viwili amechambua, na huwezi kulitoa jibu hilo kwenye daftari wala kulinakili kwenye kesi.

Muda: masaa 2 na nusu, mengi yakiwa kuandika na kufuta.

Tarehe 19 Februari: darasa zima limechagua mashine

Swali (c) nililibadilisha likawa "Je, kiwanda kinunue mashine au kianzishe shifti ya usiku? Tathmini." Nikaweka namba kwenye kesi na kulipeleka kwa darasa la wanafunzi 18, saa moja.

Kati ya 18, 17 walichagua mashine. Mwanzoni nilifurahi nikaona wameelewa, halafu nilipoanza kusoma majibu nikaona yote yanafanana, hakuna aliyejiuliza, hakuna aliyesita popote, hata wale wazuri waliandika mistari sita wakamaliza. Nikarudi kwenye namba zangu na kuzipiga upya moja moja.

Kiti kinauzwa 50. Kwa sasa gharama zinazobadilika ni 30 kwa kiti, kwa hiyo kila kiti kinaacha 20, na gharama zisizobadilika ni 18,000 kwa mwezi. Kwa mashine nilikuwa nimeweka gharama zisizobadilika zipande hadi 21,000 na zinazobadilika zishuke hadi 26, yaani kila kiti kiache 24. Oda zikiwa 1,500 faida ni 36,000 kutoa 21,000, sawa na 15,000. Shifti ya usiku ilikuwa inatoa 8,800. Oda zikishuka mpaka 900 mashine bado inaacha 600 na bila mashine kiwanda kinaambulia sifuri. Yaani mashine inashinda oda zikiwa nyingi, inashinda zikiwa chache, inashinda kila mahali! Hakuna cha kutathmini hapo. Wanafunzi walifanya kitu sahihi kabisa, mimi ndiye niliyewapa swali la kuchagua kati ya kitu kizuri na kitu kibaya.

Kutathmini kunaanza pale ambapo ushahidi wenyewe unavutana. Kama njia moja ni bora kwa kila kigezo, hata uandike "tathmini kwa kina" kwa herufi kubwa, jibu litakuwa fupi tu na litakuwa sahihi kuwa fupi.

Tarehe 24 Februari: kuzipanga namba zivutane

Hii ndiyo siku iliyokuwa na kazi nzuri kuliko zote, masaa 4 na karatasi ya hesabu.

Nilitaka mambo matatu. Kwanza, kwa oda za sasa njia mbili zikaribiane sana, ili anayeangalia faida ya leo tu asipate jibu kirahisi. Pili, oda zikipanda njia moja iongoze na zikishuka nyingine iongoze. Tatu, kuwe na taarifa moja kwenye kesi inayosema kuna uwezekano wa kushuka, bila kumwambia mwanafunzi afanye nini nayo.

Kwa mashine nikapandisha gharama zisizobadilika hadi 27,000, zile za kiti nikaziacha 26. Kwa shifti gharama zisizobadilika zinakuwa 20,000, na viti vinavyozidi 1,200 tu ndivyo vinagharimu 34 kimoja kwa sababu ya posho ya usiku, vile 1,200 vya mwanzo vinabaki 30. Nikajaribu kwa oda tofauti:

Oda 1,800: mashine 16,200, shifti 13,600.
Oda 1,500: mashine 9,000, shifti 8,800.
Oda 1,200: mashine 1,800, shifti 4,000, na shifti ikisimamishwa 6,000.
Oda 900: mashine hasara 5,400, shifti iliyosimamishwa sifuri.

Njia mbili zinakutana kwenye oda 1,475. Juu ya hapo mashine, chini ya hapo shifti. Na oda za sasa ni 1,500, viti 25 tu juu ya mstari. Nilipoiona hiyo nikajua kesi sasa ina uhai.

Halafu nikaongeza sentensi ya mteja: mteja mmoja anachukua viti 600 kati ya 1,500 kila mwezi na mkataba wake unaisha miezi 6 ijayo. Akiondoka zinabaki oda 900, na 900 nimeichagua makusudi kwa sababu ndiyo idadi ambayo kiwanda kama kilivyo leo kinarudisha gharama zake bila faida wala hasara (18,000 gawanya kwa 20). Mkopo wa mashine ni wa miaka 4, shifti inasimamishwa kwa notisi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo hoja inayobeba swali zima ni muda: unafunga mzigo wa miaka 4 juu ya oda ambazo una uhakika nazo miezi 6.

Tahadhari kwa anayenakili: ukibadilisha namba moja piga tena zote nne, na angalia uwezo wa hatua pia. Mimi kwenye rasimu moja nilisema mashine inapandisha uwezo mpaka 2,200 nikasahau vanishi inaishia 1,800, na kesi ikawa inajipinga. Mwanafunzi makini angeikamata na angekuwa na haki.

Tarehe 3 Machi: jaribio la pili

Nimeipeleka kwa darasa jingine la wanafunzi 17, lile la kwanza haliwezi kutumika tena kwa sababu limeshaiona kesi. Hili ni jambo la kupanga mapema, kila jaribio linakula kundi moja na makundi hayarudi.

Waliochagua mashine 10, shifti 7. Safi. Lakini yalijitokeza matatizo mawili.

La kwanza, hesabu ya (a) iliwaangusha kwenye (c). Swali (a) sasa ni kukokotoa faida ya mwezi kwa hali ya sasa na kwa kila njia kwa oda 1,500. Watano walichukua ile 34 wakaitumia kwa viti vyote 1,500, kwa hiyo shifti ikawatolea 4,000 badala ya 8,800, na wakaingia (c) wakiamini mashine inazidi mara mbili. Hoja zao zilikuwa zimepangika vizuri kabisa juu ya namba iliyokosewa. Ukiwakata maksi kwenye (c) unawaadhibu mara mbili kwa kosa moja, na swali la kutathmini linageuka kuwa swali la kuzidisha. Nimefanya vitu viwili, nimeandika upya sentensi kwenye kesi iwe "viti vinavyozidi 1,200 ndivyo pekee vitagharimu 34 kimoja", na kwenye mwongozo nimeweka kanuni kwamba (c) linasahihishwa kwa namba za mwanafunzi mwenyewe.

La pili lilinisumbua zaidi. Kati ya 17 ni wanne tu waliouunganisha mkataba wa mteja na namba. Wengine waliutaja, "pia kuna hatari mteja anaweza kuondoka", wakaendelea na safari. Hatari imetajwa lakini haijapimwa.

Nilikuwa na njia rahisi, niandike kwenye swali "kokotoa faida endapo oda zitashuka hadi 900". Niliiandika kabisa halafu nikaifuta baada ya kulala nayo usiku mmoja, kwa sababu ukimwambia akokotoe kwa 900 umeshamfanyia uamuzi wa muhimu, ule wa kutambua kwamba mkataba ni suala la namba. Anabakiwa na hesabu. Upande mwingine ukificha sana unapima bahati ya kusoma.

Nilipoiangalia kesi tena nikaona sentensi ya mkataba ipo aya ya mwisho, chini kabisa, baada ya habari za mafunzo ya mafundi, na wengi walikuwa wameshaanza kuandika kabla ya kufika huko. Nimeihamisha ikae mara tu baada ya sentensi ya oda 1,500. Sijaongeza neno. Pia nimeongeza sentensi ya pili kwenye swali:

(c) Tathmini kama kiwanda kinunue mashine ya kukata au kianzishe shifti ya usiku. Eleza ni taarifa gani moja kwenye kesi ambayo ikibadilika ungebadili uamuzi wako. Maksi 12.

Hiyo sentensi ya pili inamlazimisha mtu kuonyesha uamuzi wake umesimama juu ya nini. Anayesema "ningebadili kama mteja angesaini mkataba wa miaka 4" ameelewa. Anayesema "ningebadili kama mashine ingekuwa rahisi" amekwepa, bei ya chochote ikishuka kila mtu anabadili mawazo.

Nimeijaribu kwa wanafunzi 8 wa mwaka mwingine siku mbili baadaye, watano wakaunganisha mkataba na namba. Kundi ni dogo siwezi kuapia, lakini majibu yenyewe yalikuwa na uzito mwingine.

Tarehe 10 Machi: kusahihisha, hapa palikuwa pagumu

Nilichukua karatasi za wale 17, nikazisahihisha kwa mwongozo wa zamani wa kuhesabu hoja, mwenzangu naye akazisahihisha peke yake bila kuona maksi zangu. Kwenye (c) karatasi 6 tulipishana kwa maksi 4 au zaidi kati ya 12. Kwa swali moja hiyo ni nyingi mno.

Karatasi mbili zilionyesha shida iko wapi. Ya kwanza iliandika faida sita za mashine: kasi, ubora, kupunguza upotevu wa mbao, heshima kwa wateja, uchovu wa wafanyakazi kupungua, uwezo wa kupokea oda kubwa. Mwisho, "kwa hiyo kiwanda kinunue mashine." Kwa kuhesabu hoja nilimpa 12.

Ya pili ilikuwa fupi, nainakili kama alivyoandika: "Kwa oda za sasa mashine inazidi kwa 200 tu ambayo ni kidogo sana. Mteja wa viti 600 akiondoka mashine inaleta hasara ya 5,400 na mkopo bado upo, shifti inaweza kufungwa. Ningechagua shifti kwanza mpaka mkataba ujulikane, ila kama oda zitafika 1,800 kwa uhakika mashine ni bora maana inaleta 2,600 zaidi." Kwa kuhesabu hoja nilimpa 6, kwa sababu ana hoja tatu.

Nilikaa na karatasi hizo mbili mezani muda mrefu. Ya pili ndiyo jibu nililokuwa nalitafuta tangu siku ya kwanza, na mwongozo wangu ulikuwa unaliadhibu. Swali linaweza kuwa la kutathmini lakini kama mwongozo unalipa kwa idadi, wanafunzi watajifunza haraka sana kumwaga orodha.

Nimeutupa na kuandika wa ngazi nne:

Maksi 1 hadi 3: anataja faida au hasara ambazo zingefaa kiwanda chochote.
Maksi 4 hadi 6: anatumia taarifa za kesi hii, ila kwa upande mmoja, au pande mbili zimekaa kila moja kivyake bila kukutanishwa.
Maksi 7 hadi 9: anapima pande mbili kwa kigezo kimoja au zaidi, akionyesha kwa nini kitu kimoja kina uzito kuliko kingine.
Maksi 10 hadi 12: uamuzi unatoka kwenye upimaji huo, na anasema unasimama kwa sharti gani.

Kwa ngazi hizi karatasi ya kwanza ikawa 3, ya pili ikawa 11. Tukasahihisha upya zote 17 kila mtu peke yake na tofauti kubwa ikawa maksi 2, isipokuwa karatasi moja. Hiyo moja mwanafunzi alichagua mashine, akasema mteja ataongeza mkataba kwa sababu viti vitafika kwa wakati. Mwenzangu alimpa 5 kwa kuwa "jibu sahihi ni shifti", mimi nilimpa 9. Tulibishana kama nusu saa na mwisho tukakubaliana 8: hoja yake inatoka kwenye kesi, ucheleweshaji ndio malalamiko ya wateja, na amepima ingawa hakuonyesha kwamba shifti nayo ingemaliza ucheleweshaji uleule. Hilo la mwisho ndilo lililomzuia kufika 9. Nimeongeza juu ya mwongozo mstari unaosema uamuzi wowote kati ya miwili unaweza kufika 12, na chini nimeambatanisha majibu matatu halisi bila majina, moja la 3, moja la 8, moja la 11, msahihishaji ayasome kabla ya kuanza. Hayo majibu matatu yamesaidia kuliko maelezo yote ya ngazi, nadhani kwa sababu maneno kama "anapima" kila mtu anayasoma kivyake mpaka aone mfano.

Swali (b) halikuwa na ugomvi mkubwa. Maksi 2 kutambua kukata ndiko kunakobana, 3 kuonyesha kwa namba kwa nini, 3 kueleza kwa nini meneja aliona alichokiona. Wengi wanaishia 5, ile ya mwisho ndiyo inayotenganisha watu.

Tarehe 17 Machi: kesi ilivyo sasa

Baada ya kufuta, kesi imebaki maneno machache sana kulinganisha na ile ya kwanza. Yeyote achukue:

> Kiwanda cha viti vya mbao kina oda za viti 1,500 kwa mwezi lakini kinatoa 1,200, na wateja wanalalamika kucheleweshewa. Mteja mmoja anachukua viti 600 kati ya hivyo 1,500 na mkataba wake unaisha baada ya miezi 6. Kiti kinauzwa 50. Gharama zinazobadilika ni 30 kwa kiti na zisizobadilika ni 18,000 kwa mwezi. Uwezo wa kila hatua kwa mwezi: kukata viti 1,200, kuunganisha 1,900, kupaka vanishi 1,800. Meneja anaamini mafundi wa vanishi ndio wanaochelewesha kazi, kwa kuwa kila akipita anawakuta wamekaa.
>
> Mkurugenzi ana njia mbili, na kila moja itaondoa kikwazo kwenye kukata. Kununua mashine ya kukata kwa mkopo wa miaka 4: gharama zisizobadilika zitakuwa 27,000 kwa mwezi, zinazobadilika 26 kwa kila kiti. Kuanzisha shifti ya usiku ya kukata: gharama zisizobadilika zitakuwa 20,000, viti 1,200 vya mwanzo vitabaki na gharama ya 30, na viti vinavyozidi 1,200 ndivyo pekee vitagharimu 34 kimoja. Shifti inaweza kusimamishwa kwa notisi ya mwezi mmoja.

Mwenzangu alipoisoma hii akakamata kitu. Maneno "itaondoa kikwazo kwenye kukata" yanampa mwanafunzi nusu ya jibu la (b), nimerudia kosa la tarehe 11 Februari kwa mlango mwingine. Tumeikata, sasa inasomeka "Mkurugenzi ana njia mbili", basi. Jina la mashine ya kukata na shifti ya kukata bado linadokeza, hilo nimeshindwa kuliondoa bila kuharibu (c), kwa hiyo karatasi ya mtihani itakuwa na kurasa mbili: aya ya kwanza na swali (b) ukurasa wa kwanza, aya ya pili na maswali mengine ukurasa wa pili. Kwa mpangilio huo (b) limekuwa swali la kwanza na hesabu ni la pili.

Gharama mpaka sasa: masaa kama 19 yangu na 7 ya mwenzangu, makundi manne ya wanafunzi, jumla 49, na karatasi zisizofika rimu moja.

Kinachofuata ni kurudia jaribio la kufunika kesi kwa toleo hili, wanafunzi 6 tena ambao hawajaiona. Nikipata wastani wa (c) chini ya 4 kati ya 12 naipeleka kwenye mtihani, ukizidi hapo narudi kwenye mwongozo kwanza kabla ya kugusa swali.